Ruta ya simkadi Nguba: dirisha la ziwani ndilo linalowadanganya

*Jambo fundi. Tunakaa Nguba, hapa Bukavu, na waya wa Intaneti haufiki kwetu. Bwana yangu alinunua ruta ya simkadi, ile nyeupe ya kusimama, tukaiweka sebuleni kwenye dirisha la upande wa ziwa kwa sababu pale mistari ya rezo inajaa yote. Lakini Intaneti inatambaa, usiku inakatika kabisa na mistari bado imejaa, na mara mbili tumepata ujumbe wa kutukaribisha Rwanda. Ajabu ni kwamba simu yangu, rezo ileile, nikiwa jikoni inakwenda vizuri. Ruta imeharibika au tumeiweka vibaya? Na tuipange namna gani tangu mwanzo?*

Mama, ruta yenu ni nzima. Jibu la swali lako umeshalitaja mwenyewe: jikoni. Lakini usiihamishe leo jioni kwa kubahatisha, maana kuna mambo mawili yamechanganyika hapo. La kwanza ni mahali ruta ilipo. La pili ni kwamba hakuna aliyeiambia ruta kwamba nyumba yenu iko Kongo. Tuanze na simkadi yenyewe, kwa sababu ikikosewa pale, vipimo vyote vya baadaye vitakudanganya.

Itoe simkadi kwenye ruta uitie ndani ya simu ya kawaida. Ruta haina vibonye vya kuandikia namba ya siri, kwa hiyo zima PIN ya simkadi ukiwa bado kwenye simu, katika sehemu ya usalama. Usipoizima, kila umeme ukikatika na kurudi ruta inaweza kukaa ikisubiri PIN, nanyi mtadhani rezo imeanguka. Na mtoto akikosea PIN mara tatu, simkadi inajifunga mpaka upate PUK. Ukimaliza hapo, zima waifai ya simu, fungua ukurasa wowote kwa simkadi hiyo na uhakikishe kwamba mega zipo na zinatembea. Kisha ingia kwenye mipangilio ya rezo ya simu, mahali panapoandikwa `APN`, unakili neno utakalolikuta kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Neno hilo ndilo mlango ambao kampuni imeuweka kwa ajili ya Intaneti. Ruta nyingi hulijaza zenyewe, ila ruta iliyotoka Dubai au Ulaya ikiwa mtumba mara nyingi imebeba neno la kampuni ya huko.

Ukiirudisha simkadi, angalia ukubwa wa tundu. Simkadi za sasa zinakatwa ndogo kabisa, na tundu la ruta nyingi ni la ukubwa wa zamani, hivyo watu huipachika ndani ya fremu ya plastiki. Fremu hiyo ikilegea, simkadi inazama kidogo na vile vijimeno vya shaba ndani ya ruta vinanasa ukingoni. Nimeshafungua ruta mbili zilizokatika kijimeno kwa sababu mtu aliivuta fremu kwa nguvu ikiwa tupu. Weka kipande chembamba cha selotepu mgongoni, upande usio na shaba, kishike simkadi na fremu kwa pamoja, na usiingize wala kutoa chochote ruta ikiwa imewaka.

Sasa washa ruta, ungana na waifai yake kwa jina na neno la siri lililo kwenye kibandiko cha chini, kisha fungua kivinjari na uandike anwani ya ukurasa wake. Kwa ruta za Huawei ni hii:

```
http://192.168.8.1
```

Za ZTE nyingi hutumia `192.168.0.1` na za TP-Link zenye simkadi `192.168.1.1`, kibandiko kitakuambia. Neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa huo mara nyingi ni `admin`. Libadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu jirani akiingia humo hatakula mega zako tu, atakufungia nje ya nyumba yako.

Ndani ya ukurasa huo tafuta sehemu ya taarifa za kifaa, `Device Information` au `Status`. Hapo ndipo kuna kitu ambacho mistari ya rezo inakuficha. Mistari ni picha tu, na kila kiwanda kinaichora kwa kipimo chake. Namba zilizo chini yake ndizo zinazosema. Zitakuwa tatu au nne, lakini wewe ziangalie mbili: `RSRP` na `SINR`.

`RSRP` inaeleza sauti ya mnara inafika kwako ikiwa na nguvu kiasi gani. Inaandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo namba iliyo karibu na sifuri ndiyo kubwa: -80 ni nzuri sana, -95 inatosha, na ikipita -110 kuelekea -120 unashika uzi unaokatika. Usiichukulie kama alama za shule ambapo tofauti ya kumi ni ndogo. Namba hizo ni desibeli, na kila desibeli kumi ni mara kumi ya nguvu, hivyo kati ya -85 na -105 nguvu imepungua mara mia.

`SINR` ni habari nyingine. Inapima sauti ya mnara wako dhidi ya makelele ya wengine wote. Fikiria soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Muuzaji anaweza kukupigia kelele sikioni na usielewe bei, kwa sababu wengine kumi wanapiga kelele nyuma yake. Ukienda naye kwenye kichochoro akanong'ona, unaelewa kila neno. `SINR` ya 20 na zaidi ni kichochoro kitulivu, 10 hadi 15 ni nzuri kwa nyumba, na karibu na sifuri au chini yake ni katikati ya soko. Kasi ya Intaneti inafuata `SINR` kuliko inavyofuata mistari.

Na hapo ndipo dirisha lenu la ziwani linaponaswa. Kutoka Nguba macho yanavuka maji bila kizuizi chochote, na mawimbi ya rezo vilevile. Dirisha hilo linasikia minara mingi kwa wakati mmoja: iliyo pembeni, iliyo ng'ambo ya ghuba, iliyo juu ya vilima vya mbali. Katika 4G, minara ya kampuni moja kwa kawaida huzungumza kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo mnara wa pili wa kampuni yako mwenyewe ni kelele kwa ule wa kwanza. Maji nayo yanarudisha mawimbi kama bati jipya linavyorudisha jua. Nguvu inajaa, mistari inajaa, maneno hayasikiki. Watu wa mjini kwetu wana imani kwamba ruta ikipandishwa juu na kuwekwa mahali peupe ndipo inapona. Kwenye bonde ni kweli. Kwenye mgongo wa kilima unaotazama ziwa, mara nyingi ni kinyume chake: unachohitaji ni ukuta.

Nikuonyeshe nyumba moja ya jirani zenu niliyoifanyia kazi. Ni nyumba ya matofali, paa la manjanja, sebule inatazama ziwa, jikoni nyuma inatazama kilima upande wa Kadutu. Nilichukua waya mrefu wa umeme, nikatembea na ruta mkononi kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika picha. Kila mahali niliiacha itulie dakika tatu, kwa sababu namba za dakika ya kwanza zinarukaruka. Dirisha la sebule lilinipa `RSRP` -84 na `SINR` 1, na kipimo cha kasi kikaleta megabiti 3 kwa sekunde. Juu ya kabati la chumbani, karibu na manjanja, nguvu ikashuka hadi -101 na `SINR` ikawa 5. Dirisha la jikoni likaleta -93 na `SINR` 14. Angalia vizuri: nguvu ilipungua karibu mara nane kuliko sebuleni, mstari mmoja wa rezo ukapotea, na mwenye nyumba akaanza kutikisa kichwa. Nikamwambia apime kasi. Ikaja megabiti 17. Kuta mbili za matofali zilikuwa zimefunga mlango kwa kelele za ziwani, na mnara wa upande wa kilima ukabaki unasema peke yake.

Simu yako inakwenda vizuri jikoni kwa sababu hiyohiyo, mama.

Ukishapata dirisha, bado hujamaliza, na sehemu hii watu huiruka. Wimbi la rezo la masafa ya megahezi 1800, ambayo hutumika sana kwa 4G, lina urefu wa sentimita 17 hivi. Linapogonga ukuta, nondo za dirisha na sufuria zilizotundikwa, linarudi na kujigonga lenyewe, hivyo ndani ya chumba kimoja kuna madoa mazuri na madoa mabaya yaliyopishana kwa upana wa kiganja. Jikoni kwa yule jirani nilisogeza ruta kutoka katikati ya dirisha, mbele ya nondo, hadi pembeni, kiganja na nusu tu. `SINR` ikapanda kutoka 14 hadi 17. Halafu nikaizungusha robo, maana antena za ndani hazisikii sawasawa pande zote, ikafika 18. Weka alama kwa chaki chini ya ruta, ili mtu akifagia aweze kuirudisha palepale. Na usiiweke juu ya friji wala karibu na jiko la makaa. Jua la mchana likipiga dirisha hilo moja kwa moja, weka pazia jepesi. Kitambaa hakizuii rezo, ila joto hupunguza uhai wa ruta.

Pima tena saa mbili za usiku kabla ya kupigilia msumari wowote. Saa hizo kila nyumba iko kwenye video, na mnara unagawana. Namba za `RSRP` hazitabadilika sana lakini kasi itashuka, pengine hadi nusu. Hiyo si kosa la ruta wala la dirisha, na hakuna antena itakayoiponya.

Tuje kwenye Rwanda. Simkadi ya Kongo haivuki mpaka kwa kupenda. Ikisikia rezo ya kwao, inabaki kwao. Inahama pale tu ambapo haiisikii tena, na hapo inashika rezo yoyote ya jirani inayokubaliwa. Dirisha lenu linatazama upande ambao minara ya Kamembe inaingia bila kubisha hodi. Mnara wenu ukizimika, tuseme umeme umekatika na betri zake zimekwisha usiku wa manane, ruta inabaki sekunde chache bila mwenyewe, kisha inahamia ng'ambo. Mistari inajaa kwa sababu inapima nguvu ya mnara wa Rwanda. Intaneti haipo kwa sababu rominga imezimwa au haina pesa. Ndiyo maana mlikuwa mnaona mistari yote na hakuna kitu, na ndiyo maana ujumbe wa karibu ulifika. Na kama rominga ingekuwa imewashwa na kuna salio, mngelipa megabaiti kwa bei ya safari huku mmelala kitandani Nguba. Goma nako ni hivyohivyo kwa wanaokaa karibu na mpaka wa Gisenyi. Mtu wa Lubumbashi shida hii haijui mpaka afike Kasumbalesa.

Kuna namna ya kuthibitisha badala ya kukisia. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta namba inayoitwa `PLMN`. Tarakimu tatu za kwanza ni nchi: 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda. Zinazofuata ni kampuni. Usiku ikikatika na mistari imejaa, fungua ukurasa huo kabla ya kuzima chochote. Ukikuta 635, umemkamata mwizi mkono ukiwa chunguni. Ukikuta 630 lakini sehemu ya anwani ya `WAN IP` ni tupu au sifuri tupu, basi ni `APN` iliyokosewa au kampuni haijakupa njia. Ukikuta 630 na anwani ipo, lakini kurasa hazifunguki, nenda kaangalie mega, kwa kawaida zimekwisha.

Dawa yake ina sehemu mbili. Katika mipangilio ya muunganisho wa simu, ambayo kwenye ruta za Huawei za zamani iko chini ya `Dial-up`, zima `Data roaming`. Hilo linalinda pesa tu, halizuii ruta kuhama. Kwa hiyo nenda pia `Network Settings`, mahali palipoandikwa `Network search`, utoe kwenye `Auto` na kuweka `Manual`. Ruta itakata Intaneti na kutafuta kwa dakika mbili tatu, kisha italeta orodha ya rezo zote inazozisikia. Pale Nguba usishangae kuona za Rwanda nyingi kuliko za kwetu. Chagua kampuni ya simkadi yako na ubonyeze kukubali. Kuanzia hapo mnara wenu ukizimika, ruta itakaa kimya ikiusubiri badala ya kuvuka daraja. Baada ya kufanya hivyo chomoa umeme, rudisha, uangalie kama imebaki `Manual`. Nimeshakutana na ruta ambazo zinajirudisha `Auto` kila zikizimika. Kama yenu ni ya namna hiyo, kuhamia jikoni ndiko kutakakowasaidia zaidi, kwa sababu kuta zile zinazozuia kelele zinazuia pia mlango wa Rwanda.

Hapohapo utaona kitu kinachoitwa `Preferred mode`, chenye uwezo wa kuiambia ruta itumie 4G peke yake. Wengi huiweka hivyo kwa tamaa ya kasi. Mimi kwa nyumba ya Bukavu ninaiacha `Auto`, kwa sababu kuna saa 4G ya mnara inazimika na 3G inabaki. Megabiti mbili zinatosha kupeleka ujumbe wa WhatsApp wakati mtoto ana homa. Ila kama unaona inarukaruka kati ya 3G na 4G mchana kutwa, na `RSRP` ya 4G iko juu ya -100, ifunge kwenye 4G wiki moja uone.

Watu wataanza kukuambia ununue antena ya nje. Kwa namba kama zile za jikoni, usinunue. Antena inafaa pale `RSRP` imelala chini ya -110 kila dirisha, na hata hapo shida huwa ni waya. Zile antena za bei rahisi zinakuja na waya mwembamba mweusi wa mita kumi, na katika masafa ya 4G urefu huo unameza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye ruta. Unapanda juu ya nyumba, unashuka na hasara. Tena ruta ya 4G inasikia kwa masikio mawili, kwa hiyo antena yenye waya mmoja inaacha sikio moja limezibwa. Na mvua za Bukavu unazijua. Chuma kilichosimama juu ya manjanja na waya wake kuingia sebuleni ni kualika radi kwa chai. Kama jikoni ni mbali na chumba mnachokaa, ni afadhali ruta ibaki jikoni na uvute waya wa mtandao, ule wa plagi pana ya plastiki, hadi kwenye ruta ya pili ya zamani isiyo na simkadi, ambayo itagawa waifai huko. Kwenye hiyo ya pili zima `DHCP`, ile kazi ya kugawa anwani ambayo ruta ya kwanza inaifanya tayari, uibadilishe anwani yake isifanane na ya kwanza, na uchomeke waya kwenye tundu la `LAN`, si la `WAN`. Waya huo unaweza kwenda hata mita hamsini bila kupoteza kitu. Kwa nyumba ndogo hamtauhitaji, masafa ya `2.4 GHz` ya waifai hupita ukuta mmoja au miwili bila shida. Yale ya `5 GHz` ni ya haraka lakini hukata tamaa mlangoni.

Umeme. Geuza chaja ya ruta usome kilichoandikwa: nyingi za aina yenu ni `12V 1A`, lakini zipo za volti 9 na za volti 5, na plagi zao zinafanana kama mapacha. Kwa usiku wa umeme kukatika, yale mabetri madogo yanayouzwa kwa ajili ya ruta yanafaa, ila usidanganywe na namba kubwa ya juu ya boksi. Betri iliyoandikwa `8800mAh` imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani. Zidisha, utapata kama wati-saa 32. Kuipandisha hadi volti 12 kunapoteza kama moja ya tano, zinabaki 26. Ruta yenu ikila wati 6 hivi, mna saa nne, na pungufu kama watu wengi wameungana. Inatosha kuanzia jioni mpaka kulala. Jambo lenye faida kubwa zaidi ni kwamba betri hiyo inakaa kati ya chaja na ruta, hivyo lile pigo la umeme unaporudi, ambalo huua chaja nyingi za mjini kwetu, haliifikii ruta moja kwa moja.

Jambo moja la mega, maana najua litafuata. Simu inapokuwa kwenye waifai inaamini kwamba iko kwenye waya usio na mwisho, hivyo inavuta masasisho, inapandisha picha zote za harusi ya juzi, na video zinafunguka kwa ubora wa juu. Saa moja ya YouTube kwa `480p` ni karibu nusu ya giga, kwa `1080p` inaweza kufika giga moja na nusu au mbili. Nyumba yenye simu tatu na televisheni moja hula giga 20 kwa siku tatu bila mtu yeyote kufanya dhambi. Kwenye kila simu ya Android bonyeza jina la waifai yenu, tafuta mahali pa kuchagua kama ni ya kupimwa, `Metered`, uiweke hivyo. Simu itatulia kama vile inatumia mega zake yenyewe. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya Windows, ambayo ndiyo mlafi mkubwa. Halafu andika namba ya simkadi ya ruta nyuma ya mlango wa kabati, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kupiga zile namba za nyota na reli, na mtahitaji kununua mega kutoka kwenye simu nyingine kwa kutaja namba hiyo. Ujumbe wa kampuni kuhusu mega zilizobaki unaingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya `SMS`. Ufute mara kwa mara, ukijaa mpya haziingii.

Kabla hamjalipa mtu yeyote, kuna kosa moja ambalo nalijua kwa sababu lilinipata mimi. Miaka iliyopita nilinunua ruta ya mtumba kwenye duka moja, bei nzuri, ikiwaka taa zote. Nyumbani nikatia simkadi, ikaniandikia `SIM lock` na kuomba namba ndefu ambayo muuzaji aliapa hajawahi kuisikia. Ilikuwa imefungwa kwa kampuni ya nchi nyingine. Nilipokuja kuifungua, nikakuta ni ya soko la Amerika, haina masafa ya 4G ya huku, inashika 3G tu. Leo sitoi dola hata moja kabla ya kutia simkadi yangu mwenyewe dukani, kufungua ukurasa wa ruta na kuona `PLMN` inaanza na 630 na neno `LTE` limeandikwa. Yenu imeshapita mtihani huo, maana sebuleni inafanya kazi ingawa kwa kuchechemea.

Basi Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo, chukua waya mrefu na chaki, uanzie jikoni. Andika `RSRP`, `SINR` na `Cell ID` kwenye karatasi moja, uibandike ndani ya kabati pamoja na ile namba ya simkadi. `Cell ID` ni jina la upande wa mnara unaokuhudumia. Siku Intaneti ikilegea ghafla miezi ijayo, linganisha na karatasi. Kama namba hiyo ni ileile na `SINR` ni ileile, mnara umejaa watu na hakuna la kufanya nyumbani. Kama `Cell ID` ni nyingine, mnara wenu una shida au wamejenga mpya, na inabidi uizungushe ruta tena taratibu, robo kwa robo, mpaka irudi kusikia upande unaoutaka.